Je, wajua kwa nini "used to" moja hufuatwa na "cut" na nyingine na "walking"?

"Niliandika hivi: 'My grandfather used to cut sisal, but I am used to walk in the caves.' Mwalimu akaipitisha nusu ya kwanza na kuikata ya pili. Kwa nini 'cut' iwe sahihi na 'walk' iwe kosa, ilhali maneno yaliyotangulia ni yale yale?" Hilo ni swali la kijana wa Tanga anayejifunza kuwatembeza wageni katika Mapango ya Amboni.

Maneno hayo yanafanana kwa herufi, na katika mazungumzo yote mawili husikika kama "yustu", lakini kazi zake ni tofauti. Katika nusu ya kwanza, "used" ni kitenzi cha wakati uliopita, na "to" ni ile inayotangulia kitenzi kitupu: babu alikuwa akikata mkonge, na sasa hakati tena. Katika nusu ya pili kitenzi ni "am". Hapo "used" ni kivumishi chenye maana ya mtu aliyekwisha kuzoea, na "to" ni kihusishi, ndugu wa "in" na "with". Kihusishi cha Kiingereza hutaka kufuatwa na jina, kwa hiyo kitenzi kikitaka kukaa mahali hapo ni lazima kwanza kifanywe jina kwa kuongezewa "ing": "I am used to walking in the caves."

Anayetilia shaka na akiondoe kitenzi, aweke jina la kitu. "I am used to the bats" ni sentensi kamili, na popo wa Amboni si wachache. "My grandfather used to the sisal" haisimami hata kidogo. Panapokubali popo ndipo panapotaka "walking".

Mwenye Kiswahili hukosea hapa kwa sababu inayoeleweka. Lugha yetu haina haja ya kutenganisha kitenzi kitupu na kitenzi kilichogeuzwa jina, kwani "kutembea" hufanya kazi zote mbili: twasema "nataka kutembea", na pia "kutembea kwake kunachosha", ambapo neno hilo ni jina la ngeli ya KU lenye upatanisho wake. Tangu darasani tumezoeshwa kwamba "ku" ni "to". Basi anayewaza "nimezoea kutembea" hufika kwenye "I am used to", akaona ile "ku" imekwisha kutafsiriwa, akaandika "walk" na kuendelea na safari yake. Wengine huisikia "me" ya "nimezoea" na kuandika "I have used to walk", ambayo nayo ni kosa, kwa kuwa Kiingereza hueleza hali hiyo ya mazoea kwa "am", si kwa "have" peke yake.

Kuna tanzi jingine katika kitenzi chetu cha kuzoea. Tukisema "babu alizoea kukata mkonge", twaweza kumaanisha kwamba hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, au kwamba kazi hiyo haikumsumbua tena. Kiingereza hulazimisha kuchagua. "He used to cut sisal" yaeleza desturi iliyokoma. "He was used to cutting sisal" yaeleza kwamba miiba na jua vilikuwa vimemkaa mwilini. Atakayechanganya na kuandika "he was used to cut sisal" anaweza kueleweka vibaya zaidi, kwa sababu ipo "used" ya tatu, ile ya kutumika, inayotamkwa "yuzd", na sentensi hiyo ikisomwa hivyo humfanya mzee wa watu kuwa kisu: alitumiwa kukatia mkonge.

Desturi ya sasa haina "use to". Ile "hu" ya "huenda sokoni kila Ijumaa" wengi huigeuza kuwa "I use to go", lakini Kiingereza cha leo hutosheka na "I go to the market every Friday", na anayetaka kukazia huongeza "usually". Umbo "use" bila "d" lina nafasi katika kukanusha na kuuliza, kama "he didn't use to cut sisal", kwa kuwa "did" imekwisha kubeba wakati uliopita. Hata wenye lugha yao huiandika "d" hapo mara nyingi, maana sikio halisikii tofauti.

Kwa kijana huyu, kosa la kuogopa zaidi si lile alilokatwa. Mgeni akisikia "I am used to walk in the caves" ataelewa, ingawa sikio lake litakwaruzika kidogo. Lakini kijana akiidondosha "am", akasema "I used to walk in the caves", sentensi itakuwa safi kabisa, na mgeni atafahamu kwamba huyu zamani aliingia mapangoni na siku hizi haingii, kisha ataangaza huku na huku kumtafuta mwenye tochi mwingine.