Ukingo wa kidato: dhana potofu na ukweli kuhusu tepe za kuzuia kuteleza

Dhana potofu: Utepe ukiwa na mkwaruzo wa kutosha, rangi yake haina neno.

Ukweli: Mzee anayeshuka ngazi anahitaji kwanza kuona kidato kinaishia wapi, ndipo mkwaruzo umfae. Umri ukisonga, lenzi ya jicho huingia umanjano na mboni hupungua, hivyo mwanga unaofika ndani ni mchache. Bluu iliyoiva, kahawia na nyeusi humjia kama kitu kimoja. Akiwa anavaa miwani ya kutazamia mbali na kusomea kwa pamoja, akitupa jicho chini hutazama kupitia sehemu ya kusomea, na vidato vyote huwa ukungu.

Chukua ngazi ya jengo la ghorofa mtaa wa Tudor, Mombasa: vidato 14, taili za rangi ya maziwa, dirisha moja dogo. Fundi akabandika utepe wa kijivu chepesi ili usiharibu sura ya taili. Ulishika barabara, lakini bibi wa ghorofa ya pili aliendelea kushuka akipapasa kila ukingo kwa ncha ya mguu, kwa kuwa kijivu juu ya maziwa hakionekani kwenye mwanga ule. Hapo palitakiwa nyeusi. Mbao iliyopakwa vanishi ya kuiva huitaka manjano au nyeupe. Kinachotafutwa ni tofauti ya giza na mwanga: nyekundu juu ya kahawia humng'aria kijana na kumpotea mzee. Ukitaka kuhakikisha, simama juu ya ngazi, piga picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama huwezi kuhesabu vidato kwenye picha, rangi haifai.

Dhana potofu: Utepe ukae vidole viwili nyuma ya ukingo, usije ukabanduka.

Ukweli: Jicho huuchukua mstari ule kuwa ndio ukingo wenyewe, na hapo mguu hukosea hesabu. Tena anayeshuka hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, karibu na ukingo kabisa. Mkwaruzo ulioko nyuma haumkuti anapotaka kuteleza. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, kwa majengo yasiyo ya makazi, unataja ukanda wa milimita 55 juu ya kidato na mwingine wa upana huo huo kwa mbele, na hicho ni kipimo kizuri hata nyumbani. Mistari mitatu sambamba kwenye kidato kimoja ni mibaya vilevile, kwani mzee hajui upi ndio mwisho. Na ukingo wa ghorofa, pale unapoanza kushuka, nao uwekwe wake. Mara nyingi husahauliwa.

Dhana potofu: Gundi yake hushika popote.

Ukweli: Taili inayopigwa deki kila siku huwa na utando wa sabuni usioonekana, na hewa ya pwani haiuachi ukauke sawasawa. Futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kata pembe za utepe ziwe mviringo, ubandike, kisha ukandamize kwa nguvu kuanzia katikati kwenda nje. Pasikanyagwe wala pasipigwe deki kwa saa 24. Ukingo wa taili ukiwa wa mviringo, utepe hautakaa. Tumia pembe ya aluminiamu yenye raba, na usichague nene inayoinua mdomo, maana ncha ya kandambili na pindo la dera hunasa hapo.

Kabla ya kutoboa taili, igonge kwa sarafu kando ya ukingo. Ikilia tupu, chini hamna saruji, na drili itaipasua. Hapo pembe ibandikwe kwa gundi ya ujenzi ya poliurethani. Ikilia nzito, toboa kwa keekee ya taili bila kuwasha nyundo ya drili, kisha tia plagi na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Skrubu za kawaida, kwa chumvi ya hewa yetu, huvimba kutu na kuiinua pembe upande mmoja.

Mbao ni rahisi zaidi, ila utepe haukai juu ya nta wala mafuta ya kupaka mbao. Piga msasa mpaka ufikie mbao yenyewe, au funga pembe kwa skrubu baada ya kutoboa tundu jembamba la kuongoza, vichwa vizame visije vikachoma mguu. Ukingo ulioliwa na mchwa hauna cha kushikilia skrubu. Kidato hicho kibadilishwe kwanza.

Utepe ukianza kuinuka pembe moja, ung'oe wote siku hiyo hiyo na ubandike mpya. Gundi iliyokwisha kula vumbi hairudi kushika, na ulimi ule ulioinuka humkwaza mtu kuliko taili tupu.