Bei za samaki kwenye kioo kidogo: dhana potofu na ukweli

Kundi moja la WhatsApp la wauza samaki hapa Mwanza lina mchuuzi wa Kirumba mwenye simu kubwa, wakala wa Nansio anayesoma kwenye kompyuta, na mvuvi wa Igombe mwenye simu ndogo ya zamani, tena ameyakuza maandishi kwa sababu ya macho. Mmoja akiuliza bei ya leo, jibu lile lile husomwa na wote watatu, na kila mmoja huliona kwa umbo lake.

Dhana: Ukipanga bei kwenye jedwali, kila mtu ataelewa haraka.

Jedwali linategemea upana wa kioo cha msomaji, na huo mwandishi hana mamlaka nao. Katika maandishi ya kawaida herufi hazilingani upana, kwa hiyo nguzo ulizozipanga kwa nafasi hupinda tangu mwanzo. Wajuzi hutumia mwandiko wa herufi zenye upana sawa. Kwenye kioo kipana jedwali la namna hiyo hukaa vizuri, na ndiyo maana dhana hii haifi. Tuchukue bei za mfano kwa kilo:

```
Aina       Kirumba  Igombe  Nansio
Sangara    9,500    9,000   8,700
Sato       8,000    7,500   7,000
```

Mstari wa juu una herufi 34 pamoja na nafasi. Tuseme kioo cha yule mvuvi kinabeba 26 tu. Kinachozidi hushuka chini, naye huona hivi:

```
Aina       Kirumba  Igombe
Nansio
Sangara    9,500    9,000
8,700
Sato       8,000    7,500
7,000
```

Angalia ile 8,700. Imekaa peke yake juu kidogo ya Sato, na Nansio imegeuka kama aina ya samaki. Mtu mwenye haraka, mtumbwi ukiwa unapakuliwa, ataisoma kuwa bei ya sato. Hakuna kitakachomwonyesha kuwa amekosea, kwa sababu tarakimu zote ni sahihi. Kilichopotea ni uhusiano wake na majina. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, maana ujumbe uliovurugika kabisa mtu angeuuliza tena.

Dawa ni kila mstari ujitegemee:

```
SANGARA kwa kilo
Kirumba 9,500
Igombe 9,000
Nansio 8,700
```

Sato ifuate chini yake kwa mpango huo huo. Ujumbe unarefuka, ndiyo, lakini hakuna mstari unaokatika. Aliye kwenye kompyuta hapotezi chochote.

Dhana: Basi piga picha ya jedwali, umbo halitabadilika.

Umbo halibadiliki kweli, ila herufi zinasinyaa. Mwenye simu ndogo atavuta picha huku na huku, na jina la samaki likiwa kiooni, bei imetoka nje. Aliyekuza maandishi ya simu yake hapati msaada wowote, kwani mpangilio huo haugusi picha. Wala si rahisi kwenye kila simu kuinakili namba kutoka humo kumtumia mwenzako.

Dhana: Nyota za kukoleza maneno zinafanya kazi kila mahali.

Kwenye WhatsApp neno hukolezwa kwa nyota moja kila upande, `*Sangara*`. Ukinakili maandishi ya mahali pengine yenye nyota mbili mbili, baadhi ya nyota hubaki zikionekana. Ukiacha nafasi baada ya nyota ya kwanza, neno halikolei. Ndiyo maana hapo juu SANGARA imeandikwa kwa herufi kubwa: zinabaki hata nyota zikipotea.

Dhana: Wenye vitochi hawahusiki, hawamo kwenye kundi.

Wanahusika sana. Kuna mtu kwenye kundi anayewanakilia bei na kuwatumia kwa meseji ya kawaida, na hapo kipimo hubadilika. Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiweka kikatuni kimoja tu cha samaki au cha uso unaocheka, ujumbe wote huhamia mfumo mwingine wa herufi na kikomo hushuka hadi herufi 70. Kilichokuwa meseji moja kinakatwa vipande, na mtumaji anatozwa kwa kila kipande.

Kuna mtego mwingine ambao wachache huuona. Majina mengi ya Kisukuma yana kile kikoma cha juu, kama Ng'wandu. Simu nyingine hukipinda chenyewe kikawa ’, na hicho kilichopinda hakimo kwenye orodha ya herufi za meseji fupi. Simu isipokirudisha yenyewe wakati wa kutuma, utabaki na zile 70 hata kama hukuweka kikatuni. Kuligundua ni rahisi: simu nyingi huonyesha idadi ya herufi zilizobaki, na ukiona imeporomoka ghafla, futa kikoma cha mwisho ulichoandika, weka kilichonyooka. Kwenye simu zinazokipinda zenyewe, alama hiyo ya kupinda huzimwa kwenye mipangilio ya kibodi.