Tarehe ya TinEye si tarehe ya kupigwa picha

Kutafuta kwa picha maana yake unaipa mashine picha badala ya maneno, nayo inakuletea kurasa ilikowahi kuiona. Google Lens hufanya hivyo, TinEye pia, kila moja kwa ghala lake. Hilo wengi wanalijua.

Kinachonikera ni kinachofuata. Mtu kwenye grupu la WhatsApp anachagua `Oldest` pale TinEye ili matokeo ya zamani yaje kwanza, anapiga skrinishoti ya tokeo la juu kabisa na kutangaza: "Picha hii ilipigwa siku hii." Sivyo. Tarehe ile ni ya siku roboti ya TinEye, yaani programu inayozunguka kurasa za mtandaoni, ilipoikuta picha kwa mara ya kwanza. Huenda ilishakaa mtandaoni miaka mitatu, kwenye ukurasa ambao roboti ilikuwa haijaufikia. Na ndani ya magrupu yetu roboti haiingii kabisa, kwa hiyo kukosa matokeo hakuifanyi picha kuwa mpya.

Tarehe iliyoandikwa kwenye ukurasa wenyewe nayo ina mtego wake. Habari ya 2009 inaweza kuwa na picha ya juzi pembeni, kwenye kisanduku cha "soma pia". Ufungue ukurasa uone picha imekaa wapi, kabla hujaamini mwaka.

Chukua yule papa anayeogelea barabarani, aliyepigwa kupitia dirisha la gari. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoleta mafuriko Houston, picha ilisambaa kana kwamba ni ya hapo. Ukiitafuta nzima unafika 2011, ikidaiwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene. Wengi huishia hapo na kusema, "Kumbe ni ya Puerto Rico!" Lakini 2011 inakanusha Houston tu, haithibitishi Puerto Rico. Kata picha ubaki na papa peke yake, utafute tena. Sasa unaangukia kwenye kazi ya mpigapicha Thomas Peschak: papa huyohuyo, umbo lilelile, akimfuata mtu kwenye kayaki baharini Afrika Kusini. Ilipigwa 2003 na kuchapishwa katika jarida la Africa Geographic mwaka 2005. Papa alikatwa humo akabandikwa barabarani.

Picha ya kuunga, basi, haina mwanzo mmoja. Kila kipande kina wake, ndiyo maana ukikata vipande unaona mengi kuliko ukitafuta picha nzima mara kumi. Wajanja wengine huigeuza picha kushoto kulia ili mashine isiitambue. Nawe igeuze tena kabla ya kukata tamaa. Maandishi kwenye kibao au namba ya gari yakisomeka kinyume, ujue imegeuzwa.

Kwa hiyo ndugu, ukijibu kwenye grupu, usiandike "ilipigwa 2011". Andika "ilikuwepo mtandaoni 2011 au kabla ya hapo", kisha utaje na ukurasa ulikoiona.