Je, wajua kipimo cha homoni ya AMH kinajuaje mayai yaliyobaki?

"Dokta, nina miaka 36, nakaa Katuba hapa Lubumbashi, na nina mtoto mmoja wa miaka 7. Karibu miaka miwili tunatafuta wa pili. Labo moja ya hapa ilinipima AMH ikaandika 0.9. Nilipoenda kwa dada yangu Ndola nikarudia, wakaandika 6.1. Ekografi nayo imeandika CFA 7. Damu ya mkononi inajuaje mayai yaliyo tumboni? Na kwa nini namba zinapishana hivi? Mama mkwe ameshasikia kwamba mayai yangu yameisha."

Tuanze na namba, mama, kwa sababu hapo jibu ni fupi. Chukua zile karatasi mbili uangalie herufi ndogo zilizo kando ya namba. Ya hapa bila shaka imeandikwa ng/mL, na ya Ndola pmol/L. Ni vipimo viwili vya kitu kimoja, kama vile bei moja inavyoweza kuandikwa kwa dola au kwa faranga. Ukitaka kutoka pmol/L kwenda ng/mL unagawa kwa 7.14:

6.1 ÷ 7.14 = 0.85

Kwa hiyo Ndola hawakukuongezea chochote. Walipata 0.85 pale ambapo labo ya hapa ilipata 0.9, na tofauti ndogo hivyo hutokea hata damu ileile ikipitishwa kwenye mashine mbili za kampuni tofauti. Nimeona watu wakifurahia namba ya pili kwa wiki nzima, halafu wakalia mtu alipowasomea vizuri. Karatasi ya AMH isiyo na kipimo chake usiisome kabisa.

Sasa swali lako la damu. Kila yai linakaa ndani ya kifuko chake, kinachoitwa folikuli. Mtoto wa kike anazaliwa na vifuko kama milioni 1 hadi 2, akifika kuona mwezi wa kwanza amebakiwa na kama 300,000 hadi 500,000, na hedhi inapokoma kabisa vimebaki kama 1,000. Hiyo akiba karibu yote imelala. Kifuko kilicholala hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ekografi haiwezi kukiona, na hakitoi AMH. Kwa hiyo hakuna kipimo cha kliniki kinachohesabu akiba yenyewe, hata kama mtu wa labo atakuambia hivyo.

Kinachoonekana ni vifuko vilivyoamka. Kila siku baadhi vinaamka vyenyewe, hata ukiwa na mimba, hata ukiwa unameza vidonge vya uzazi wa mpango. Kifuko kikishaamka kinakua polepole kwa miezi mingi, na seli zinazozunguka yai zinaanza kutengeneza AMH na kuimwaga kwenye damu. Vifuko vidogo vya milimita chache ndivyo vinavyotoa nyingi zaidi. Kikipita milimita 8 au hapo karibu, kinapunguza sana. Damu yako basi inabeba jumla ya kile kinachotolewa na vifuko vyote vilivyo katikati ya safari. Na kwa sababu vinavyoamka huwa vingi pale vilivyolala navyo ni vingi, na vichache pale akiba inaposhuka, tunakisia akiba kwa kuangalia vilivyoamka. Ni kama mtu anayesimama barabarani asubuhi, akahesabu watu wanaosubiri basi, halafu akakisia mtaa una watu wangapi. Anaweza kupata picha nzuri, lakini nyumba hata moja hajaingia.

AMH haipandi na kushuka sana ndani ya mwezi, ndiyo maana damu inaweza kutolewa siku yoyote. CFA, yaani hesabu ya vifuko vidogo inayofanywa kwa ekografi, ni tofauti kidogo. Hiyo hufanywa siku ya 2 hadi ya 5 tangu damu ya mwezi ianze, kabla kifuko kimoja hakijawatangulia wenzake na kukua. Kibofu kinakuwa kitupu, na kifaa kinaingizwa ukeni, kwa sababu kikiwekwa juu ya tumbo vifuko vidogo mara nyingi havionekani vizuri. Daktari anapita ovari moja kutoka ukingo hadi ukingo, akihesabu vidoa vyeusi vya mviringo vyenye milimita 2 hadi 10, kisha anahamia ya pili. Kwako labda aliona 4 upande mmoja na 3 upande mwingine, ndiyo ile 7. Kama mwenzake angehesabu saa hiyohiyo, angeweza kupata 6 au 9, na wala asingekuwa amekosea sana. Mashine ya zamani inapoteza vidogo, na uvimbe kwenye ovari unaweza kuvificha. Kama ripoti haisemi siku ya mwezi wala haitenganishi kulia na kushoto, ningeomba irudiwe.

Kwako lakini mashahidi wawili wanasema jambo moja. Katika makubaliano ya Bologna, Italia, yaliyochapishwa mwaka 2011, wataalamu wa uzazi wa Ulaya walisema kwamba, kwa mwanamke anayetaka kutungishiwa mimba nje ya mwili, CFA iliyo chini ya 5 hadi 7, au AMH iliyo chini ya 0.5 hadi 1.1 ng/mL, ni dalili kwamba ovari zitatoa mayai machache zikichochewa kwa dawa. Wewe umesimama palepale mpakani. Wengi wa umri wako wana zaidi ya hapo. Akiba yako imepungua kuliko ya wenzako, hilo sitakuficha. "Yameisha" ni habari nyingine kabisa, na karatasi hizo hazijaisema.

Angalia ovari inavyofanya kazi kila mwezi. Kati ya vile vifuko 7, kimoja ndicho kitakachofika mwisho na kutoa yai. Vingine vinakufa. Mwenzako mwenye vifuko 20 naye kwa kawaida anatoa yai moja tu, na 19 vinakufa. Katika kitanda cha ndoa, mwezi huu, nyote wawili mna yai moja. Jambo hili lilipimwa Marekani kwa wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliokuwa na AMH chini ya 0.7 ng/mL, yaani chini kuliko yako, walikadiriwa kushika mimba ndani ya mizunguko 6 kwa asilimia 65. Wenye AMH ya kawaida walikuwa asilimia 62. Hakuna tofauti ya maana hapo.

Hao walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kutafuta, na wewe umeshamaliza karibu miaka miwili. Usichukue asilimia yao ukajivika. Lakini matokeo hayo yanakuambia kitu cha kufanyia kazi: AMH ya 0.9 peke yake haitoshi kueleza miaka miwili bila mimba, kama mwezi wako unakuja kwa mpangilio. Lazima kuna mahali pengine pa kutafuta.

Namba hii inafaa pale mtu anapoenda kutungishiwa mimba nje ya mwili. Huko daktari anachoma dawa ili vifuko vile vinavyokufa vikue pamoja na kile kimoja, kisha anavuna mayai. Mwenye CFA 7 atapata machache, na ni vizuri ajue kabla ya kulipa. Mwenye CFA 30 anaweza kuvimba tumbo kwa hatari akipewa dozi kubwa. Hapo AMH na CFA zinachagua dozi, na zinaichagua vizuri.

Ubora wa yai hazioni. Hilo liko kwenye umri. Mwanamke wa miaka 42 mwenye AMH ya 2.5 ana mayai mengi kuliko msichana wa miaka 28 mwenye 0.9, lakini mayai ya msichana ni mazuri zaidi, na mimba yake haiponyoki kirahisi kama ya yule. Wewe uko katikati: miaka 36 bado inaruhusu, ila hairuhusu kungoja miaka mingine miwili.

Kuna jambo moja hukuniandikia. Ulikuwa unatumia nini kabla ya kuanza kutafuta? Vidonge na kipandikizi cha mkononi vinaweza kushusha AMH kwa kama robo, na CFA nayo ikashuka. Akiba haijaguswa, vifuko tu vimetulia, na namba hurudi baada ya miezi michache. Kama umeacha zamani, hilo si lako. Operesheni ya kutoa uvimbe kwenye ovari, au dawa za saratani, ni habari nyingine: hizo zinakula akiba kweli, na daktari lazima aambiwe.

Na namba kubwa nayo isikutie wivu. Wapo wanawake wenye AMH ya 8 ng/mL wanaokaa miezi mitatu bila kuona mwezi. Vifuko vyao vinaamka kwa wingi, kisha vinakwama vikiwa vidogo, hakuna kinachofika mwisho. Ndiyo hali ya ovari zenye vifuko vingi, ambayo Wafaransa na madaktari wetu wanaiandika SOPK. Kituoni watu wamejaa kwa sababu basi halijaja.

Kwa hiyo usirudie AMH mwezi ujao, haitakupa habari mpya, na pesa hiyo ina kazi. Fanya picha ya eksirei ya mirija, ile ya kupitisha dawa kwenye kizazi. Mtu aliyezaa mara moja anaweza kuwa na mirija iliyoziba baada ya maambukizi, na AMH haiwezi kuiona hata kama imeziba yote miwili. Picha hiyo hufanywa damu ya mwezi ikishakauka, kabla ya yai kutoka, na kama kuna maumivu au homa unasema kwanza.

Na baba wa mtoto hujamtaja hata kidogo. Mtoto wa miaka 7 si cheti cha mbegu za leo. Apimwe spermograme wiki hiyohiyo, maana ni rahisi kuliko picha yako na haiumizi. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu. Ni vizuri atolee palepale labo. Akitolea nyumbani, kikopo kibebwe karibu na mwili kisipoe, na kifike labo ndani ya saa moja. Kutoka Katuba, asubuhi ya foleni, saa moja hiyo ni ndogo: atoke mapema.