Shilingi iliyoingia Siaya ilikwenda wapi?

Kati ya mwaka 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly lilitoa pesa taslimu kwa zaidi ya kaya 10,000 za vijijini katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Kila kaya ilipata takriban dola 1,000 kwa awamu, kupitia simu, na sharti kuu la kustahili lilikuwa kuishi katika nyumba ya kuezekwa kwa nyasi. Kwa familia hizo, hizo ni kama robo tatu ya matumizi ya mwaka mzima. Vijiji 653 vilihusishwa, na vitakavyopata pesa vilichaguliwa kwa bahati nasibu, ndiyo maana wachumi waliofuatilia jambo hili (Egger, Haushofer, Miguel, Niehaus na Walker) waliweza kulinganisha vilivyopata na vilivyokosa bila kubahatisha.

Walichokuta ni hiki: kila dola moja iliyoingia ilizaa kati ya dola 2.4 na 2.5 za shughuli za uchumi mumo humo. Nimeifanyia kazi mada hii ya mzunguko wa pesa muda mrefu, na sijui utafiti mwingine uliopima kizidishi, yaani kipato kinachozaliwa na kila shilingi iliyoingia, kwa ukaribu huu katika vijiji vya kwetu. Lakini hiyo 2.4 inanukuliwa vibaya mno, kwa hiyo nataka tuifungue polepole.

Chukua kaya iliyoamua kuvua nyasi na kupiga mabati. Bati moja likiuzwa shilingi 1,000 dukani, mwenye duka hakupata kipato cha shilingi 1,000. Sehemu kubwa inarudi kwa aliyemuuzia jumla, na kutoka hapo hadi kiwandani, mbali kabisa na Siaya. Yeye anabaki na faida yake, tuseme mia moja hivi, na mwenye mkokoteni aliyebeba naye anapata chake. Sasa tazama upande wa pili wa paa hilohilo. Mbao zimekatwa kwenye mikaratusi ya jirani. Fundi anatoka kijiji cha pili, na mtu wake wa mkono ni kijana wa hapohapo. Chakula cha mchana cha mafundi kimepikwa na mama wa kibandani aliyenunua mboga kwa mkulima asubuhi ile. Shilingi alizolipwa fundi ni kipato chake karibu chote, na jioni ileile zinaanza kutoka tena mfukoni mwake: unga, mafuta ya taa, karo, kinyozi.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapotokea. Watu hujumlisha mauzo yote, ya kiwandani, ya jumla na ya dukani, kisha wakasema pesa imezaa mara kumi. Bati hilohilo limehesabiwa mara tatu. Kinachohesabiwa ni kipato kilichobaki mkononi mwa mtu wa eneo hilo katika kila hatua: ujira, faida, bei ya mazao. Hata zile pesa za msaada zenyewe hazihesabiwi, maana hakuna aliyezizalisha pale.

Tufanye hesabu ya mfano. Kaya inatumia shilingi 10,000. Tuseme katika kila shilingi 100 inayotumika, 70 hubaki kuwa kipato cha mtu wa hapo, na 30 hutoka kwenda kulipia bidhaa za nje, kodi au akiba isiyotumika. Mzunguko wa kwanza unaacha 7,000. Waliozipata wakizitumia, zinabaki 4,900, kisha 3,430, kisha 2,401, na kadhalika hadi zinafifia. Jumla yake inakaribia 23,300, yaani mara 2.3, si mbali na matokeo ya Siaya. Sasa badilisha kitu kimoja tu: kati ya kila 100 zibaki 40. Unapata 4,000, kisha 1,600, kisha 640, na jumla haifiki hata 6,700. Pesa ni ileile na watu ni walewale, ila kizidishi kimeshuka chini ya moja. Mchumi Mwingereza Richard Kahn alilionyesha hili la mizunguko inayopungua mwaka 1931, na mchumi mwenzake Keynes akalijengea hoja yake kuu mwaka 1936.

Kwa hiyo kasi ya pesa kupita mikononi si hoja kubwa kama wengi wanavyodhani. Kilicho muhimu ni kiasi kinachovuja kila zinapopita.

Kuna sharti la pili, na kwangu ndilo lenye utamu zaidi. Pesa zinaweza kubaki kijijini zote na bado zisizae kitu, kama hakuna cha ziada kinachoweza kuzalishwa. Wanunuzi wakiongezeka na bidhaa zikabaki zilezile, kinachopanda ni bei. Siaya walipokea mmiminiko ambao kileleni ulifika zaidi ya asilimia 15 ya pato la eneo, na ungetarajia bei ziruke. Hazikuruka: kwa wastani zilipanda kama asilimia 0.1.

Sababu inaonekana ukikaa nusu siku kwenye kisiagi cha kijijini. Mashine ipo, imeshanunuliwa, na mwenyewe yupo mlangoni kuanzia asubuhi. Wateja wanakuja mmojammoja, na kati ya mmoja na mwingine anakaa tu kwenye benchi. Akiletewa debe tatu zaidi za mahindi kwa siku, haongezi mashine wala mfanyakazi. Anaongeza mafuta kidogo na muda aliokuwa anaupoteza. Karibu yote yanayoongezeka ni kipato chake. Vivyo hivyo kwa fundi asiye na kazi wiki nzima, na kwa duka lenye mteja mmoja kwa saa. Utafiti ulikuta biashara zikipata mapato zaidi bila kuongeza mtaji kwa kiasi cha kutajika, na hiyo ni dalili ya uwezo uliokuwa umelala.

Ukitaka kujua kama kizidishi kimefanya kazi kweli, usimwangalie aliyepewa pesa. Mwangalie jirani aliyekosa. Siaya, kaya ambazo hazikupewa chochote ziliongeza matumizi kwa takriban asilimia 13, hasa kwa sababu ujira wao uliongezeka. Kama jirani hajaongeza kipato na bei ya unga sokoni imepanda, basi pesa zimemdhuru. Hatari hiyo ni kubwa zaidi mahali palipojitenga, ambako magari ya bidhaa hayafiki kwa urahisi. Nchini Mexico, msaada wa pesa ulipandisha bei za vyakula kwa namna iliyoonekana wazi zaidi katika vijiji vya mbali.

Mwisho, pesa za Siaya zilitoka nje kabisa. Hakuna mtu wa Siaya aliyekatwa kitu ili zitolewe. Nawaona viongozi wakiichukua 2.4 hiyo na kuibandika kwenye kila mradi wa kaunti, na hilo linanisumbua. Kama shilingi milioni kumi za mradi zimekusanywa kwa ushuru wa soko kutoka kwa mama mboga na wauza samaki walewale, basi zilipotoka mifukoni mwao mzunguko ulipungua huko, na punguzo hilo lazima litolewe kwenye hesabu kabla ya kutaja faida. Mkandarasi akitoka mjini na mitambo yake, vibarua wake na saruji yake, kinachobaki kijijini ni ujira wa walinzi na sahani za wali.