Mapigo ya moyo na mazoezi: unachohesabu ukishika kifundo cha mkono

Weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usawa wa kidole gumba, ubonyeze kidogo. Kitu kinadunda. Wengi hudhani ni damu inayopita kwa kishindo, lakini kinachodunda ni ukuta wa ateri unaotanuka na kurudi kila wimbi la shinikizo linapoufikia. Wimbi hilo limeanzia moyoni muda mfupi tu uliopita, nalo husafiri kwa kasi kuliko damu yenyewe. Kwa mtu mwenye afya, kila wimbi lina maana moja: ventrikali ya kushoto imesinyaa mara moja. Ndiyo sababu kifundo cha mkono kinaweza kutueleza habari za moyo bila mtu kufungua kifua.

Moyo una chemba nne. Mbili za juu, aurikali, hupokea damu. Mbili za chini, ventrikali, huisukuma. Upande wa kulia unapokea damu iliyotoka mwilini, yenye oksijeni kidogo, na kuipeleka kwenye mapafu. Upande wa kushoto unapokea ile iliyotoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima kupitia aota. Kati ya aurikali na ventrikali kuna vali, na kwenye mdomo wa kila ateri kubwa inayotoka moyoni kuna vali nyingine. Kazi ya vali zote ni kuzuia damu isirudi ilikotoka. Hazina misuli ya kujifungua: shinikizo likizidi upande mmoja zinafunguka, likizidi upande wa pili zinafunga.

Katika mchoro wa mtihani, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau ni unene wa kuta. Ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia. Si kwamba upande wa kushoto unasukuma damu nyingi zaidi. Kiasi ni kilekile, wastani wa mililita 70 kwa kila pigo mtu akiwa ametulia. Tofauti iko kwenye shinikizo. Mapafu yako jirani na mishipa yake haileti upinzani mkubwa, wakati upande wa kushoto lazima damu yake ifike kichwani na miguuni.

Sasa tufuate pigo moja tangu mwanzo. Moyo unaopiga mara 75 kwa dakika una sekunde 0.8 kwa kila mzunguko. Aurikali husinyaa kwanza, kwa sekunde kama 0.1, na kukamilisha kuijaza ventrikali. Halafu ventrikali zinasinyaa. Shinikizo linapanda, vali za kati zinafunga, na hapo ndipo daktari anasikia sauti ya kwanza kwenye stetoskopu, ile ya “lab”. Shinikizo likishazidi lile la kwenye ateri, vali za milangoni zinafunguka na damu inatoka. Kipindi hiki cha ventrikali kusinyaa huitwa sistoli, na huchukua sekunde 0.3 hivi. Ventrikali zinapolegea, damu ya kwenye aota inataka kurudi, vali za mlangoni zinafunga, na sauti ya pili, “dab”, inasikika. Kinachofuata ni diastoli: moyo umelegea, unajaa. Hiki ndicho kipindi kirefu, na ndicho kinachohusika hasa tunapozungumzia mazoezi.

Moyo ukienda mbio, mzunguko mzima unafupika, lakini haufupiki sawasawa. Kwenye mapigo 75, ventrikali husinyaa kwa kama theluthi moja ya mzunguko na kulegea kwa theluthi mbili. Mapigo yakifika 200, mzunguko umebaki sekunde 0.3 tu, na sasa kusinyaa kunachukua nusu yake au zaidi. Kwa maneno mengine, moyo unapata kasi zaidi kwa kupunguza muda wa kulegea kuliko muda wa kusukuma. Hapo kuna mpaka. Muda wa kulegea ndio muda wa kujaa, na ndio muda ambao misuli ya ventrikali ya kushoto inapata damu yake nyingi, kwa sababu ikisinyaa inaibana mishipa inayoilisha. Kasi ikipita kiasi, ventrikali inasukuma kabla haijajaa vizuri.

Nani anaamuru kasi hiyo? Kwenye ukuta wa aurikali ya kulia kuna kundi dogo la seli zinazoanzisha kila pigo zenyewe. Zikiachwa peke yake, zingepiga mara 100 hivi kwa dakika. Mtu aliyetulia ana mapigo machache kuliko hapo kwa sababu neva ya vagasi inazishika breki muda wote. Unapoanza mazoezi, ubongo huanza kwa kuachia breki hiyo, ndiyo maana mapigo hupanda ndani ya sekunde chache, kabla kaboni dayoksaidi haijapata nafasi ya kurundikana kwenye damu. Baadaye neva za kuharakisha moyo na homoni ya adrenalini huongeza kasi zaidi. Jibu la “mapigo yaliongezeka kwa sababu misuli ilihitaji oksijeni” si kosa, ila ni nusu ya jibu: linaeleza faida ya kuongezeka, halielezi kilichoyafanya yaongezeke.

Tuje kwenye jaribio. Lengo linaandikwa kwa sentensi moja: kuchunguza athari ya mazoezi ya kupanda na kushuka kidaraja kwenye kasi ya mapigo ya moyo, na muda yanaochukua kurudi hali ya kawaida. Vifaa ni kidaraja imara cha kimo cha sentimita 30 hivi, na saa yenye kuonyesha sekunde. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu isiyotulia au homa asiwe mtendaji, awe mhesabuji. Anayehisi kizunguzungu au maumivu ya kifua anasimama papo hapo.

Chukua mfano wa mtendaji mwenye miaka 17. Alikaa kitini dakika tano bila kuzungumza, kisha mapigo yake yakahesabiwa kwa dakika nzima, mara tatu: 74, 71 na 74. Wastani ni 73. Kisha akapanda na kushuka kwa dakika tatu kwa mwendo usiobadilika. Aliposimama tu akaketi, na mapigo yakahesabiwa kwa sekunde 15 za mwanzo wa kila dakika, idadi ikazidishwa kwa 4.

| Muda tangu kusimama (dakika) | Mapigo katika sekunde 15 | Mapigo kwa dakika |
|---|---|---|
| 0 | 33 | 132 |
| 1 | 26 | 104 |
| 2 | 22 | 88 |
| 3 | 20 | 80 |
| 4 | 19 | 76 |
| 5 | 18 | 72 |

Kwa nini sekunde 15, wakati mwanzoni alihesabiwa dakika nzima? Kwa sababu mtu aliyetulia mapigo yake hayabadiliki sana ndani ya dakika, lakini aliyetoka kwenye mazoezi yanashuka huku unahesabu. Mtendaji huyu angehesabiwa dakika nzima baada ya kusimama, mhesabuji angepata kama 115, na kilele cha 132 kingepotea kabisa. Vivyo hivyo ukitumia nusu dakika kuutafuta mshipa: unachopima tayari ni moyo uliopoa. Dawa ni kuutafuta mshipa kabla ya zoezi na kuweka alama ndogo ya kalamu mahali penyewe.

Hesabu ya sekunde 15 nayo ina gharama yake. Pigo moja ukilikosa au kulizidisha, jibu linapotea kwa 4. Njia rahisi ya kulizidisha ni kuwasha saa pamoja na pigo na kuliita “moja”. Hilo ni sifuri. Linalofuata ndilo moja. Pia usitumie kidole gumba chako, kwa kuwa kina mshipa wake unaodunda na unaweza kuishia kujihesabu mwenyewe. Na ukiamua kutumia shingo badala ya mkono, bonyeza upande mmoja tu, kwa wepesi: kubana pale kunaweza kushusha mapigo yenyewe na hata kumfanya mtu azimie.

Matokeo yakishawekwa kwenye jedwali, hesabu ongezeko. 132 toa 73 ni 59. Gawanya kwa 73, zidisha kwa 100, unapata asilimia 81 hivi. Kwenye grafu, muda unakaa mhimili wa ulalo na mapigo mhimili wa wima. Chora pia mstari wa vitone kwenye 73, ili msomaji aone mapigo yanakorudi bila kuelezwa. Mstari wa matokeo unashuka kwa mteremko mkali dakika ya kwanza, mapigo 28, kisha unalala taratibu.

Umbo hilo ndilo la kulijadili. Mteremko mkali wa mwanzo ni breki ya vagasi kurudi mara mazoezi yanapokoma. Mkia mrefu unaofuata unatokana na vitu visivyoisha papo hapo: adrenalini iliyobaki kwenye damu, joto la mwili, na oksijeni ya ziada inayohitajika kurudisha misuli ilivyokuwa. Kisha sema alirudi kawaida lini. Wengi wangeandika dakika ya 5, kwa kuwa ndipo palipoonekana 72. Mimi ningeandika dakika ya 4. Hapo ilikuwa 76, tofauti ya 3 na mapumziko, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko pigo moja lililokosewa kwenye sekunde 15. Njia iliyotumika haiwezi kutofautisha 76 na 73.

Unaweza kuongeza kwamba kilele kinachokadiriwa kwa umri wake, 220 toa 17, ni 203, hivyo alifika asilimia 65 na zoezi lilikuwa la wastani. Kanuni hiyo ni makadirio tu. Kwa mtu mmoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi.

Utaratibu uandikwe kama jambo lililokwisha kufanyika, “mapigo yalihesabiwa”, si “hesabu mapigo”. Hitimisho lijibu lengo peke yake: kwa mtendaji huyu, dakika tatu za kupanda kidaraja zilipandisha mapigo kutoka 73 hadi 132, nayo yakarudi ndani ya dakika nne hivi. Usiongeze kwamba mazoezi huimarisha moyo. Ni kweli, lakini jaribio hili halikulipima. Halikupima pia kiasi cha damu kwa kila pigo, ambacho nacho huongezeka wakati wa mazoezi. Kwa hiyo ukiona watendaji wawili, mmoja akiwa na mapigo 50 akitulia na mwingine 72, usiandike kwamba wa kwanza anasukuma damu kidogo: akiwa anatoa mililita 100 kwa pigo na mwenzake 70, wote wawili wanazungusha karibu lita 5 kwa dakika.