Kifuatilizi nururifu: fosforasi ya jani imetoka wapi?

Tuseme una pipa la maji hapo uani, Malindi. Umejaza maji ya kisima na ya bomba, bila kupima. Ukiulizwa bomba limechangia kiasi gani, huna jibu. Lakini kama ungeyatia rangi maji ya bomba kabla ya kuyamimina, kufifia kwa rangi kungekuambia.

Mjomba wangu, analima mahindi karibu na Gede, huuliza swali la namna hiyo: "Hii mbolea naila hasara? Inaliwa na mahindi au na mchanga?" Kupima jani hakumsaidii. Kutaonyesha fosforasi imo, wala hakutasema ilitoka kwenye gunia au ilikuwamo ardhini.

Rangi ya hapa, yaani kifuatilizi nururifu, ni fosforasi-32. Watafiti huchanganya kiasi kidogo sana cha atomu zake kwenye mbolea ya fosfati. Mzizi hauzibagui, kwa sababu kikemia ni fosforasi ile ile. Ila hizi huvunjika moja moja zikirusha miale ya beta, na kifaa huihesabu. Kila siku 14.3 hubaki nusu yake. Kazi hii hufanywa kwenye kipande kidogo kilichozungushiwa uzio, chini ya kibali, na mahindi yake hayaliwi. (Kinga yake ni plastiki nene, si madini ya risasi: beta ikigonga risasi huzalisha eksirei.)

Chukua mfano. Siku ya kupanda, miligramu moja ya fosforasi ya mbolea inatoa mapigo 8,000 kwa dakika. Siku ya 43 jani linachomwa kuwa majivu, linayeyushwa, linapimwa: mapigo 200 kwa kila miligramu ya fosforasi. Ukigawa 200 kwa 8,000 unapata asilimia 2.5, na umekosea. Vipindi vitatu vya siku 14.3 vimepita, kwa hiyo mbolea yenyewe sasa inatoa 1,000 tu. Jibu ni asilimia 20. Hizo 80 zilizobaki zimetoka udongoni. Ndiyo maana kiasi kidogo cha mbolea ile huwekwa kando maabara na kupimwa siku moja na jani. Vyote viwili vimepungua sawasawa, hesabu inajisahihisha.

Hapa wengi huteleza: asilimia 20 ya fosforasi ya mmea si asilimia 20 ya mbolea. Mmea mzima ukiwa na miligramu 30, sita ndizo za mbolea. Kama shina liliwekewa 60, limechukua asilimia 10 tu. Zilizobaki ziko ardhini, na kwenye udongo wenye chokaa ya matumbawe kalsiamu huzikamata upesi. Mjomba hakukosea sana kuutuhumu mchanga.

Baada ya siku 143 hivi hubaki sehemu moja kwa elfu, na kifaa hakisikii kitu cha maana. Mahindi huwa yameshavunwa. Mnazi wake, ambao kuti moja tu huchukua miezi kukomaa, hauwezi kufuatwa kwa muda mrefu hivyo kwa fosforasi-32.